Dakika kumi kabla ya kuwasha jiko: ninavyowafundisha wana klabu ya mapishi kunawa mikono na kusafisha meza

Klabu yetu ya mapishi hukutana Ijumaa baada ya vipindi. Wanafunzi ni 24. Kabla jiko halijawashwa huwapa hotuba ya dakika kumi, na naiita hotuba kwa mazoea tu, maana ningebaki kuongea wangeitikia "ndiyo mwalimu" kisha wakaenda kukanda unga kwa mikono ileile waliyodakia mpira. Kwa hiyo naongea huku tunatenda. Walimu wenzangu mnaoanzisha klabu, mimi hufanya hivi.

Hatua ya 1: Maji yatiririke

Weka ndoo ya lita 20 yenye koki juu ya stuli, na chini yake beseni la kupokea maji machafu. Sabuni ya mche ikate vipande vidogo, uviweke kwenye kisahani chenye matundu ili visilale majini vikawa uji. Kama huna ndoo yenye koki, jagi na mtu wa kumimina vinatosha. Ndivyo wageni wanavyonawishwa majumbani mwetu: maji safi yanatoka juu, machafu yanaanguka beseni na hayarudi tena mkononi. Kisichofaa ni beseni moja la kila mtu kuchovya. Wa kwanza ananawa, wa kumi anajipaka uchafu wa tisa waliomtangulia.

Nusu lita inamtosha mtu mmoja, kwa hiyo watoto 24 watamaliza lita 12, na lita 8 zinabaki kwa ajili ya meza. Hesabu hiyo inakubali tu kama koki inafungwa wakati wa kusugua. Mara ya kwanza nilisahau kuwaambia, na ndoo ikakauka kabla nusu ya foleni haijafika.

Hatua ya 2: Waonyeshe wasichokiona

Namwita mmoja mbele. Namtilia kiganjani kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia na mdalasini wa unga nusu ya hapo, ajipake mikono yote. Kisha namwambia anawe kwa maji matupu, kama wengi wanavyofanya wakiwa na haraka. Maji yanateleza juu ya mafuta, mikono inabaki ya kahawia, darasa linacheka.

Hapo ndipo ninaposema: "Wanangu, mikono yetu ina mafuta na jasho hata isipopakwa kitu, na vijidudu vimejishikiza humo. Maji peke yake hayashikani na mafuta. Sabuni upande mmoja inashika mafuta, upande mwingine inashika maji, ndiyo maana vinaondoka pamoja."

Anarudia kunawa, safari hii kwa sabuni, jinsi alivyozoea. Akimaliza, anapita katikati ya wenzake wamkague. Mdalasini utauona chini ya kucha, katikati ya vidole, na karibu kila mara mgongoni mwa kidole gumba. Gumba ndilo linaloshika kisu na nyanya, na ndilo tunalolisahau.

Usitumie manjano badala ya mdalasini. Nilijaribu, rangi ikaingia kwenye ngozi na haikutoka hata kwa aliyenawa vizuri. Mtoto wa watu akaonekana mchafu bure.

Hatua ya 3: Sasa wanawe wote

Pete, saa na bangili zinavuliwa, mikono ya shati inakunjwa. Lowesha mikono, funga koki, paka sabuni mpaka povu litoke. Sugua kiganja kwa kiganja, kisha migongo ya mikono, katikati ya vidole, gumba moja moja kwa kulizungusha ndani ya ngumi ya mkono mwingine, na mwisho ncha za vidole zikwaruze kiganja ili povu liingie kwenye kucha. Kusugua kote kuchukue sekunde 20. Tunahesabu kwa sauti, pamoja, na anayekimbiza hesabu anaanza upya. Fungua koki, suuza.

Aliyefungua koki kwa mkono mchafu ameiacha chafu, kwa hiyo mtoto mmoja, aliyekwisha nawa, anakaa zamu ya koki. Mikono inakaushwa kwa kuachwa hewani au kwa taulo ambalo kila mmoja amekuja nalo. Kwenye sketi, hapana.

Mwenye kidonda au jipu mkononi hakandi unga wala hakati saladi siku hiyo, hata akifunga plasta. Nampa kazi ya kusoma mapishi au kuangalia saa. Kwenye vidonda hukaa bakteria ambao wakiachwa kwenye chakula chenye uvuguvugu hutengeneza sumu, na sumu hiyo haiharibiki kwa kuchemsha. Ukishapika umechelewa.

Hatua ya 4: Meza na kibao

Hapa ndipo nilipokosea mimi mwenyewe. Tulikuwa tunapika wali kwa kuku na kachumbari. Kuku alikatwa kwenye kibao, mtoto akakisuuza kwa maji, akakifuta kwa kitambaa kilichokuwa mezani, akaanza kukatia nyanya. Kibao kilikuwa kinang'aa. Lakini kitambaa kile ndicho kilichofuta majimaji ya kuku dakika chache kabla, na ni mimi niliyekiweka pale. Kuku angeiva na vijidudu vyake vingekufa, ila kachumbari haipikwi. Nilimwaga bakuli zima, wakaninunia.

Tangu siku hiyo tunaanza na kachumbari, ikishafunikwa ndipo kuku anatolewa. Na kuku hatumwoshi kwa maji yanayorukaruka, maana matone yanaruka mpaka kwenye sahani za jirani. Moto utafanya kazi hiyo.

Kusafisha kwenyewe kuna mafungu mawili, na hayabadilishani nafasi. Kwanza kuosha: ondoa makombo, sugua meza na kibao kwa maji ya sabuni na brashi, suuza. Pili dawa: maji ya jiki. Chupa tunayonunua imeandikwa asilimia 3.5, basi kijiko kimoja cha chai kinatiwa kwenye lita moja ya maji baridi. Kama yako ni kali zaidi, punguza. Pakaza mpaka uso wote ulowe, acha dakika mbili, kisha paache pakauke penyewe bila kufuta.

Ukianza na jiki juu ya mafuta na makombo, nguvu yake inaishia kwenye uchafu na vijidudu vinabaki chini. Maji hayo tengeneza ya siku hiyo tu, kwani yakikaa yanapoteza nguvu. Tumia jiki isiyo na manukato. Na kamwe usiichanganye na siki, ndimu au dawa ya choo: inatoa gesi inayochoma kifua. Kazi hii ni ya mwalimu, si ya mtoto.

Kibao chenye mifereji mirefu ya kisu hakisafishiki hata ukisugue vipi. Pitisha ukucha juu yake. Ukikwama, mpelekee fundi seremala akipige randa.

Hatua ya 5: Vitambaa

Tuna vitambaa vya rangi mbili. Vyekundu ni vya meza na sakafu, vyeupe ni vya vyombo vilivyooshwa. Kitambaa kibichi kilichokunjwa kwenye kona ya meza, kwenye joto letu hili, ni kitalu cha bakteria, na harufu ya uvundo ndiyo dalili yake. Tukimaliza kupika, vyote vinafuliwa kwa sabuni, vinachemshwa dakika kumi, vyeupe kwenye sufuria yao na vyekundu kwenye kopo kuukuu, kisha vinaanikwa juani kwenye kamba nyuma ya darasa. Jumatatu asubuhi wa zamu anavianua.