Mambo ya Kuhakikisha Kuhusu Maikrofoni na Spika Kabla ya Simu ya Mtandaoni

Chomeka hedifoni kabla ya kufungua programu ya simu, wala usingoje hadi mazungumzo yaanze. Kifaa kinachochomekwa katikati ya simu mara huchukuliwa, mara hupuuzwa, nawe hutajua ni lipi limetokea mpaka mtu alalamike kwamba hakusikii.

Kisha fungua mipangilio ya programu yenyewe. Katika Zoom, kishale kidogo kilicho kando ya alama ya maikrofoni hufungua orodha ya vifaa vyote ambavyo kompyuta inavitambua. Ukiona alama ya uteuzi imekaa kwenye "Same as System", fahamu kwamba programu haijachagua chochote, bali inafuata kile ambacho kompyuta imejichagulia. Chagua kifaa kwa jina lake.

Kwa upande wa spika, bonyeza kitufe cha majaribio na usikilize. Kioo kilichounganishwa kwa waya wa HDMI huweza kujitokeza katika orodha kama spika hata kama hakina spika ndani yake, hivyo sauti ikapelekwa huko na kupotea, huku mstari wa kipimo ukiendelea kuchezacheza kana kwamba mambo ni shwari.

Maikrofoni ndiyo iliyonifedhehesha. Nilikuwa nimevaa hedifoni zenye kijiti cha maikrofoni kando ya mdomo, na juu ya kioo nilikuwa nimebandika kamera ya USB. Kabla ya mkutano nilizungumza maneno mawili matatu, nikaona mstari wa kijani ukipanda na kushuka, nikaridhika. Baada ya nusu saa hivi mteja akaomba tumpunguzie bei. Nikabonyeza kitufe cha kuzima maikrofoni kilichopo kwenye waya wa hedifoni, taa yake nyekundu ikawaka, nikamgeukia mwenzangu na kumnong'oneza kiwango cha chini kabisa tunachoweza kukubali, nikamwambia pia kwamba tuanze kwa kukataa. Mteja akatabasamu kwenye kioo, akasema, "Basi tuanzie hapo mnapotaka kuishia."

Kamera ile ilikuwa na maikrofoni yake ndani, na programu ilikuwa ikitumia hiyo tangu mwanzo. Kitufe cha kwenye waya huzima maikrofoni ya hedifoni peke yake. Hakina habari na ya kamera. Na ule mstari wa kijani haukunidanganya, kwa kuwa maikrofoni iliyo umbali wa mkono mmoja husikia mazungumzo ya kawaida bila taabu. Mimi ndiye niliyeuliza swali lisilo sahihi: niliuliza kama kuna maikrofoni inayonisikia, badala ya kuuliza ni ipi.

Kwa hiyo usipime kwa kuzungumza tu. Nyamaza, kisha kwaruza kwa ukucha, taratibu, kile kijiti kilicho mdomoni. Mstari wa kipimo ukiruka, umechagua vyema. Ukitulia, ukaruka pale unapokwaruza gamba la kamera au ukingo wa kibodi, basi maikrofoni inayotumika ni nyingine. Programu yenye kichujio cha kelele huenda ikaumeza mkwaruzo huo, kwa hiyo ongeza jaribio la pili: zima maikrofoni kwa kitufe cha hedifoni, halafu zungumza kwa sauti yako ya kawaida. Mstari usipokufa kabisa, usiseme neno la siri.

Wenye hedifoni za Bluetooth wana shida yao pia. Katika Windows 10, hedifoni moja huonekana mara mbili katika orodha, mara moja kwa jina lenye "Stereo" na mara nyingine kwa jina lenye "Hands-Free". Ukichagua "Stereo" kwa spika na "Hands-Free" kwa maikrofoni, mara nyingi hutasikia kitu, kwa sababu maikrofoni hiyo ikianza kufanya kazi, njia ya "Stereo" hukatika. Chagua "Hands-Free" pande zote mbili na uvumilie sauti iliyofifia kama ya simu ya mezani, au baki na "Stereo" masikioni na utumie maikrofoni ya kompyuta yenyewe, mradi usiufunge mfuniko wake.

Ukipiga simu kupitia kivinjari, kipe ruhusa ya kutumia maikrofoni, na uangalie orodha ya vifaa humo pia, kwa kuwa kivinjari huweka uchaguzi wake mbali na ule wa programu nyingine. Rudia ukaguzi kila unapochomoa waya, kila kompyuta inapoamka kutoka usingizini, kila hedifoni zinapoishiwa chaji katikati ya kikao, na hasa pale mtu mwingine alipotumia kompyuta hiyo kabla yako.