Somo: Kurusha gemu laivu kwa simu peke yake, na lini uhamie kwenye waya wa kompyuta

Wakuu, Jumamosi nilirusha mechi dakika 47 nikiwa bubu bila kujua. Niko chumbani Tandika, feni inazunguka, kikosi cha watu wanne, tunapigiana kelele kama kawaida. Nilipofunga na kuirudia video, mlio wa bunduki upo, nyayo zipo, ila mimi simo na wenzangu hawamo. Watazamaji waliniandikia "kaka mbona kimya" mara kadhaa, lakini ningeyaonea wapi wakati simu ndiyo hiyo hiyo ninayochezea?

Maiki haikuwa mbovu. Ndivyo Android ilivyo. Kuanzia Android 10, apu ya kurekodi inaruhusiwa kunasa sauti ya ndani ya gemu, ila sauti za mazungumzo haziingii humo. Na apu mbili zikiitaka maiki kwa wakati mmoja, aliye mbele ya skrini ndiye anayepewa. Mbele lipo gemu. Apu ya kurushia haikatazwi wala haionyeshi kosa lolote, inapewa ukimya tu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: unacheza peke yako, simu inatosha. Unacheza na kikosi huku mnaongea, tafuta kompyuta. Ubora wa picha ni hoja ya baadaye.

Njia ya kwanza: simu peke yake

1. Thibitisha namba yako ya simu YouTube siku moja kabla. Mara ya kwanza kuwashiwa laivu huchukua hadi saa 24. Ukirushia ndani ya apu ya YouTube yenyewe kwenye simu, chaneli lazima iwe na wafuasi 50. Kwa kompyuta sharti hilo halipo.

2. Weka apu ya kurushia, kwa mfano PRISM Live Studio au Streamlabs, uingie kwa akaunti yako. Chagua 720p, fremu 30, kasi ya video 2,500 kbps.

3. Pima kasi ya kupandisha, siyo ya kushusha, saa ile ile utakayorusha. Kwangu usiku nilipata 4.6 Mbps. Mimi natumia zaidi kidogo tu ya nusu ya ninachopima, kwa sababu mtandao wa simu unapanda na kushuka.

4. Zima sauti ya kikosi ndani ya gemu, kisha ongea na uangalie mshale wa maiki kwenye apu. Mshale ukicheza, umeokoka.

5. Washa hali ya kutosumbuliwa. Skrini nzima inaonekana, na ujumbe wa pesa ukiingia na salio lako juu, watu wote wamelisoma.

6. Vua kava, na usichaji huku unarusha. Simu inachora gemu, inabana video na kuipandisha hewani kwa pamoja, na kwa joto la Dar haichukui muda. Dalili ni kwamba mwanzo mambo ni laini, halafu baada ya robo saa hivi gemu lenyewe linaanza kukwama mkononi mwako ingawa mtandao uko sawa. Hapo simu imejipunguzia kasi isiungue. Kushusha ubora wa picha ndani ya gemu husaidia kuliko kubadili bando.

Njia ya pili: waya na kompyuta

Huhitaji kununua kifaa cha kunasa picha. Programu mbili za bure zinatosha: scrcpy, inayoonyesha skrini ya simu kwenye kompyuta, na OBS Studio, inayorusha.

1. Kwenye simu fungua taarifa za simu, gusa "Build number" mara saba, kisha ingia "Developer options" uwashe "USB debugging".

2. Chomeka waya, fungua dirisha la amri ndani ya folda ya scrcpy, uandike:

```
adb devices
scrcpy --no-audio --max-size=1280 --max-fps=30
```

Amri ya kwanza isipoonyesha kifaa chochote, mara nyingi waya wako ni wa kuchajia tu. Ikiandika `unauthorized`, angalia skrini ya simu, kuna ruhusa hujaikubali.

3. Kwenye OBS ongeza "Window Capture" na uchague dirisha la scrcpy. Simu ya 20:9 itatoa picha ya 1280 kwa 576, hivyo kwenye ubao wa 1280 kwa 720 utabaki na mkanda mweusi wa nukta 72 juu na chini. Usiivute picha ijae. Mimi mkanda wa chini nimeuandikia jina la chaneli.

4. Sasa sauti, ambayo ndiyo sababu ya safari yote. Chukua waya wa muziki wenye ncha za iyafoni pande zote mbili, kama ule wa kuunganisha simu na redio ya gari. Upande mmoja kwenye simu, wa pili kwenye tundu la maiki la kadi ndogo ya sauti ya USB iliyo kwenye laptopu. Sauti ya gemu na ya wenzako zote zinapita humo, nawe unabaki kuongea na kikosi kupitia maiki ya simu. Watazamaji wanakusikia kupitia maiki ya kompyuta. Hakuna tena wa kumnyang'anya mwenzake.

Shusha sauti ya simu hadi nusu, la sivyo inapasuka. Ili nawe usikie, kwenye OBS weka "Monitor and Output" kwa kadi hiyo na uvae hedifoni za laptopu.

5. Kwenye "Output" weka 2500, CBR, na "Keyframe Interval" 2. Bandika ufunguo wa YouTube, na usimwonyeshe mtu. Mwenye ufunguo anarusha kwenye chaneli yako.

Macho yabaki kwenye simu. Dirisha la kompyuta linachelewa kidogo, ukilifuata utakufa kila mechi.

Maswali ya wadau

*Mkuu, bando linaliwa kiasi gani?*
Video 2,500 jumlisha sauti 128, ni 2,628 kbps. Gawa kwa 8, zidisha kwa sekunde 3,600, unapata kama GB 1.2 kwa saa. Gemu lenyewe linakula kidogo sana pembeni ya hapo.

*Simu yangu haina tundu la iyafoni.*
Ondoa `--no-audio`. Kuanzia Android 11 sauti itapita kwenye waya wa USB na kutokea kompyuta. Rekodi dakika mbili kwanza usikilize kama wenzako wamo, usiamini.

*Watazamaji wanasema inakwama, kwangu iko poa. Nianzie wapi?*
Fungua "Stats" kwenye OBS. "Dropped Frames (Network)" ikipanda, ni mtandao, shusha hadi 1,800. Ikipanda "Skipped frames due to encoding lag", laptopu imechoka, na bando jipya halitakusaidia.

*Nilinunua adapta ya HDMI Kariakoo, picha haitoki kabisa.*
Pole. Simu nyingi za bei ya kawaida hazitoi picha kwenye tundu la chaji, hata adapta iwe nzima. Siku nyingine ijaribu dukani kwa simu yako kabla hujalipa.

*Intaneti naweza kuitoa kwenye simu hiyo hiyo ninayochezea?*
Inawezekana, ila umeirudishia mzigo wa kupandisha data uliokuwa unaukimbia. Kumbuka hata kwa waya simu bado inabana picha, haijapumzika kabisa. Tafuta simu ya pili, hata ya mdogo wako.

*Na umeme ukikatika?*
Laptopu ina betri, simu ya pili ina betri, laivu haikatiki. Kwangu kinachokatika ni feni, na dakika kumi baadaye gemu linaanza kukwama.