Somo: Kusoma picha ya ramani ya nyumba hadi kupata vyumba, vipimo na milango

Somo hili ni la mtu aliyetumiwa picha ya ramani ya nyumba kwenye simu au kompyuta, na picha ina namba chache tu za vipimo. Anatakiwa atoe orodha: vyumba gani vipo, kila kimoja kina ukubwa gani kwa makadirio, na milango iko wapi. Mfano nitakaoufuata ni wa nyumba ndogo ya vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko, choo na korido. Picha nzima ina namba mbili tu zinazosomeka vizuri: 10800 juu ya ramani na 7200 pembeni. Namba za namna hiyo zisizo na kizio huwa ni milimita.

Hatua ya 1: Tafuta kipimo cha picha kabla ya kugusa chumba chochote

Fungua picha kwenye programu inayoonyesha kishale kiko pikseli ya ngapi. Paint inatosha, namba zinaonekana chini ya dirisha. Kumbuka kwamba namba ya wima huhesabiwa kutoka juu kwenda chini.

Mstari wa kipimo una alama ndogo kila mwisho, kistari cha mshazari au mshale. Pima kutoka alama hadi alama, usipime urefu wa maandishi. Kwenye mfano wetu, alama ya kushoto iko pikseli 96 na ya kulia 996. Tofauti ni 900. Kwa wima, kutoka alama ya juu hadi ya chini, tofauti ni 600.

```
mlalo: 10800 / 900 = 12 mm kwa pikseli
wima:   7200 / 600 = 12 mm kwa pikseli
```

Fanya zote mbili, hata kama una haraka. Picha iliyovutwa ili ijae kwenye ukurasa hutoa namba mbili tofauti, na hapo kila upande utautumia na kipimo chake.

Chagua daima mstari mrefu kuliko yote. Ukikosea pikseli 2 kwenye 900, kosa halionekani. Ukikosea hizo hizo 2 kwenye unene wa ukuta wenye pikseli 15, vipimo vyako vyote vimepotoka kwa zaidi ya asilimia 13.

Hatua ya 2: Pima vyumba ukiwa ndani ya kuta

Pima kutoka uso wa ndani wa ukuta hadi uso wa ndani wa ukuta wa pili. Sebule ya mfano inaanzia 111 hadi 471 kwa mlalo, yaani pikseli 360, sawa na mm 4320. Kwa wima ni pikseli 340, sawa na mm 4080. Andika namba hizi kamili kwanza. Kukadiria kuje mwishoni, kwa sababu namba kamili ndizo zitakazokusaidia kujikagua.

Kujikagua kwenyewe ni hivi: kata nyumba kwa mstari mmoja wa mlalo, ujumlishe kila kitu ulichopita. Ukuta 15, sebule 360, ukuta 15, korido 100, ukuta 15, chumba 380, ukuta 15. Jumla 900, ileile tuliyoanza nayo. Isipofika, kuna ukuta umeuruka au umeuhesabu mara mbili. Mimi sitoi orodha kwa mtu kabla jumla hii haijakubali kwa mlalo na kwa wima.

Sasa kadiria hadi sentimita 5 zilizo karibu. Kipimo cha kwanza ni cha mlalo, cha pili cha wima, kwa mita:

Sebule 4.30 × 4.10
Jiko 2.50 × 2.60
Choo na bafu 1.60 × 2.60
Korido 1.20 × 6.85
Chumba cha 1: 4.55 × 3.25
Chumba cha 2: 4.55 × 3.40

Hatua ya 3: Milango

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo twende taratibu. Mlango wa kawaida huchorwa kama pengo kwenye ukuta, mstari mmoja mwembamba unaosimama kama ubao uliofunguliwa, na tao linalounganisha ncha ya ubao na upande wa pili wa pengo. Mahali ubao unapogusa ukuta ndipo bawaba zilipo. Upande ambao tao limechorwa ndiko mlango unakofungukia.

Mlango wa chumba cha 1 uko kwenye ukuta wake wa kushoto, ule wa korido. Pengo linaanzia pikseli 315 hadi 390 kwa wima: pikseli 75, yaani mm 900. Chumba kinaishia 405, kwa hiyo kutoka mlango hadi kona ya chini ni pikseli 15, sawa na mm 180. Ubao unagusa ukuta kwenye 390 na tao liko ndani ya chumba. Tunaandika:

*Chumba cha 1: mlango wa sm 90, ukuta wa kushoto, sm 18 kutoka kona ya chini, bawaba upande wa kona hiyo, unafungukia ndani.*

Kwa sentensi hiyo mtu anajua kabati litakaa wapi bila kuiona ramani. Ukiandika tu "mlango uko kushoto", hujamsaidia.

Pengo lisilo na tao ni uwazi tu, kama ule wa sebule na korido. Mistari miwili sambamba ndani ya unene wa ukuta, bila pengo la kupita, ni dirisha. Vipande viwili vinavyopishana kidogo ni mlango wa kuteleza.

Maswali ya wanachama

Swali: Ramani yangu imeandikwa 1:100. Siwezi kuweka rula kwenye kioo cha kompyuta?

Jibu: Hapana, ndugu. 1:100 ni kweli kwenye karatasi ya ukubwa uliokusudiwa tu. Ukikuza picha kidogo, uwiano huo umeshakufa. Kama chini ya ramani kuna rula iliyochorwa yenye mita, hiyo itumie, maana inakua na kupungua pamoja na picha.

Swali: Mwalimu, mimi nimepima sebule nikapata 4320 lakini ramani imeandika 4500. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea. Angalia vistari vya ule mstari wa kipimo vinaangukia wapi. Vikiangukia katikati ya kuta, 4500 ina nusu ya ukuta kila upande. Ukuta ni mm 180, toa 180 kwenye 4500, unabaki na 4320 yako.

Swali: Kama hakuna namba hata moja?

Jibu: Tumia mlango, lakini usiamini mmoja. Niliwahi kuuchukua mlango wa choo nikauhesabu kuwa sm 90, kumbe ulikuwa 75. Sebule ya mita 4.3 ikawa karibu 5.2. Chukua mlango wa chumba cha kulala, kisha uone kama kitanda kilichochorwa kinatoka na urefu wa karibu mita 2. Visipopatana, andika wazi kwamba vipimo ni vya kukisia.

Swali: Ramani ya karatasi nimeipiga picha kwa simu, imelala kidogo.

Jibu: Pima ukuta wa nje wa juu na wa chini. Kama mmoja ni 900 na mwingine 850 ilhali nyumba ni mstatili, usiendelee. Laza karatasi, piga tena simu ikiwa juu yake kabisa, au tumia programu ya kuskani inayonyoosha pembe nne, halafu anza upya hatua ya 1.