Kwa nini urani ya asili huwaka kwenye maji mazito na grafiti lakini si kwenye maji ya kawaida: hesabu ya mkono

Juzi nilimsaidia mwanafunzi aliyeamini kwamba maji ya kawaida hayapunguzi kasi ya nyutroni vya kutosha. Yanaipunguza kuliko yote: hidrojeni huhitaji migongano 18 hivi, deuteri ya maji mazito 25, kaboni ya grafiti 114. Kasoro ya maji ya kawaida ni kwamba yanameza nyutroni. Chukua karatasi na kalamu. Programu iache kwanza, maana itakupa jibu bila kukuonyesha nyutroni zimepotelea wapi.

Hatua ya 1. Katika atomi 1000 za urani ya asili, 7 tu ni urani-235. Kila nyutroni ya polepole inayomezwa na urani hiyo ya asili huzaa nyutroni 1.35 kwa wastani. Ili moto, yaani mfululizo wa mipasuko ya urani, ujiendeshe, angalau 1 lazima irudi kwenye urani.

Hatua ya 2. Andika uwezo wa kumeza nyutroni, kwa barni, kipimo cha ukubwa wa shabaha ambayo atomi huonyesha kwa nyutroni: atomi ya urani ya asili 7.6, molekuli ya maji ya kawaida 0.66, ya maji mazito kama 0.001, atomi ya kaboni 0.0035.

Hatua ya 3. Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima nilipokuwa najifunza. Weka molekuli 4 za maji ya kawaida kwa kila atomi ya urani. Urani inapata 7.6 ÷ (7.6 + 2.64), yaani 0.74 ya nyutroni. Zidisha kwa 1.35: unapata 1.0 kamili, na bado hujahesabu hasara nyingine yoyote.

Utasema, basi nipunguze maji. Ukiweka molekuli 2 unapata 1.15, na moyo unatulia. Usitulie. Nyutroni inapoteremka kasi hupita kwenye mitego ya urani-238, yaani viwango vya nishati ambako urani-238 humeza nyutroni kwa nguvu, mkubwa ukiwa karibu na 6.7 eV. Maji yakiwa machache, inateremka kwa hatua za mbali-mbali huku imezungukwa na urani, na nyingi hunaswa humo. Mpasuko wa urani-238 kwa nyutroni za kasi huongeza asilimia chache tu, hazitoshi kufidia. Ukiongeza maji, yanameza. Ukiyapunguza, mtego unanasa. Hakuna kipimo cha katikati kinachofika 1.

Hatua ya 4. Rudia kwa molekuli 50 za maji mazito. Urani inapata 0.99. Hata mtego ukinasa nyutroni moja kati ya kumi, unabaki na 1.2. Njia nyingine ni kurutubisha: kwa urani-235 ya asilimia 3, zile molekuli 4 za maji ya kawaida zinakuachia 1.65 kabla ya mtego.

Hatua ya 5. Kagua usafi. Boroni humeza barni 760 hivi, kwa hiyo atomi 5 kati ya milioni huongeza ulaji wa grafiti zaidi ya maradufu. Mwaka 1941 mwanafizikia Mjerumani Walther Bothe alipima grafiti yenye uchafu, na Wajerumani wakaegemea maji mazito. Kundi la mwanafizikia Enrico Fermi huko Chicago lilitafuta grafiti safi, na tarehe 2 Desemba 1942 rundo lao la grafiti na urani likawaka kwa urani ya asili.