SOMO: Ripoti ya bajeti na matumizi halisi, na jinsi ya kueleza kifungu kilichozidi

Kwenye Excel, weka safu saba: Kifungu, Bajeti, Halisi, Tofauti, Asilimia, Sababu, Hatua na mhusika. Kwenye matumizi, tofauti ni halisi kutoa bajeti, kwa hiyo namba chanya maana yake umezidisha. Mapato yakae jedwali lake, maana huko chanya ni habari njema.

```
D2: =C2-B2
E2: =IF(B2=0,"",D2/B2)
Rangi nyekundu, kwenye Conditional Formatting: =AND($D2>500000,$E2>0.1)
```

Masharti ya rangi nyekundu yawe mawili kwa pamoja, kiasi na asilimia. Ukitumia asilimia peke yake, chai ya ofisi itawaka nyekundu kwa elfu ishirini, na kikao kitaishia hapo.

Kazi yenyewe iko kwenye safu ya Sababu. Tuchukue magari ya kusambaza mizigo Kariakoo hadi Mbagala. Bajeti ya dizeli ilikuwa lita 4,000 kwa sh 2,800, yaani 11,200,000. Zimetumika lita 4,600 kwa sh 3,000, yaani 13,800,000. Imezidi 2,600,000. Wengi huandika "mafuta yamepanda" na kufunga. Ipasue kwanza:

Bei: 200 × lita 4,600 = 920,000.
Wingi: lita 600 × 2,800 = 1,680,000.

Kumbe bei, ambayo EWURA hutangaza ukomo wake kila mwezi, imebeba theluthi tu. Sasa fungua vitabu vya safari. Bajeti ilikuwa kilomita 20,000 kwa kilomita 5 kwa lita, zimekwenda 20,700. Hizo 700 za ziada zinahalalisha lita 140. Lita 460 zilizobaki, sh 1,288,000, hazina safari: magari sasa yanakwenda kilomita 4.5 kwa lita. Ni foleni, injini, au mafuta yananyonywa? Linganisha gari kwa gari. Kama ni gari moja tu linalokula zaidi, tatizo si foleni, maana foleni wanaikaa wote.

Andika hivi: "Bei 920,000, safari za ziada 392,000, ulaji wa mafuta 1,288,000. Msimamizi wa magari alete hesabu ya kila gari kabla ya tarehe 15."

Maswali

*Mkuu, pango tumelipa miezi sita kwa mkupuo, ripoti ya Januari imewaka yote.*
Hapo hujazidisha, umetangulia kulipa. Ingiza sehemu moja ya sita kila mwezi, iliyobaki ikae kwenye malipo ya awali.

*Matengenezo yamezidi asilimia 18 kamili, na mafundi ni walewale.*
Hiyo 18 inanukia VAT. Bajeti iliandikwa bila VAT, halisi mmeingiza jumla ya risiti. Kama mnaidai VAT hiyo TRA, itoe kwenye gharama. Kama hamjasajiliwa, ni gharama yenu kweli. Bajeti ndiyo ilikosewa.

*Bosi anataka turekebishe bajeti ili wekundu uondoke.*
Bajeti iliyopitishwa isiguswe. Ongeza safu ya Makadirio mapya pembeni.

*Kifungu hakikuwa na bajeti kabisa, mbona asilimia iko tupu lakini kimekuwa chekundu?*
Excel huhesabu maandishi, hata matupu, kuwa makubwa kuliko namba, hivyo sharti la pili linapita. Kiache hivyo hivyo: matumizi yasiyo na bajeti yanastahili kuonekana.