SOMO: Chanjo ya rota, ile tamu ya kumiminiwa mdomoni, hatua kwa hatua

Habari za huku mwisho wa reli. Mimi ni muuguzi, nipo kliniki ya watoto hapa Kigoma, na leo naandika sababu wiki hii tu kina mama watatu wameniambia "mwanangu alishapata matone" kumbe wanamaanisha ya polio, sio ya rota inayokinga kuharisha kukali. Sasa tuanzie hapo hapo.

Hatua ya 1. Zijue mbili hizi. Polio ni matone mawili tu kwenye ulimi, imeisha. Rota haifiki hata nusu kijiko cha chai, mililita moja na nusu, inatoka kwenye kichupa laini cha kubonyeza, ni tamu, na inamiminwa taratibu ndani ya shavu ili mtoto asipaliwe. Zote zinatolewa siku moja pamoja na sindano za mapajani ndo maana zinachanganywa. Fungua kadi, angalia mstari wa rota una tarehe au mtupu.

Hatua ya 2. Hesabu wiki, usihesabu miezi. Dozi ni mbili, wiki ya 6 na wiki ya 10. Nchi nzima tumeanza kuitoa 2013. Haraka yote ya nini? Ni kwamba kirusi cha rota kinawapiga vibaya zaidi watoto kuanzia kama miezi minne hadi miaka miwili, sa ukimpeleka ana mwaka unakuta ugonjwa umeshatangulia.

Nitoe mfano. Mtoto kazaliwa Jumatatu tarehe 3 Machi 2025. Wiki ya 6 ni 14 Aprili, akapata. Wiki ya 10 ilikuwa 12 Mei ila mama alikuwa shamba Kasulu wanavuna mahindi, akarudi kliniki tarehe 30 Juni mtoto ana wiki 17, kajiinamia anaogopa kugombezwa. Hatukuanza upya, tukampa ya pili siku ile ile tukafunga hesabu. Ya kwanza haikuharibika kwa kuchelewa kwa ya pili, kinachotakiwa ni zipishane angalau wiki nne.

Hatua ya 3. Siku ya chanjo nyonyesha kama kawaida, kabla na baada. Akitema yote mwambie muuguzi hapo hapo, usinyamaze ukaondoka nayo moyoni. Na hiki ni kirusi hai kilichodhoofishwa, kinaweza kutoka kwenye choo cha mtoto siku kadhaa, kwa hiyo ukibadilisha nepi nawa mikono kwa sabuni.

Hatua ya 4. Jua dalili moja ya hatari. Ni nadra sana, ila utumbo unaweza kujiingiza ndani ya utumbo mwenzake, zaidi ndani ya wiki moja baada ya dozi. Mtoto analia kwa vipindi huku anakunja miguu, ananyamaza, anaanza tena, anatapika kijani, choo kina damu na ute. Hapo ni hospitali, usiku huo huo, sio kesho.

MASWALI

Mama Pacha: Dada nesi, wangu alipata zote mbili na bado kaharisha mwezi uliopita, si tumedanganywa?

Jibu: Hapana mama. Kuharisha kuna vyanzo vingi, maji machafu, bakteria, virusi vingine, chanjo inashughulika na rota peke yake. Na hata rota yenyewe chanjo haiizuii yote. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini na Malawi ulionyesha inapunguza rota kali kwa kama asilimia 61, Malawi peke yake kama nusu. Neno ni KALI, yaani ile ya kutapika kwanza kila anachomeza, afu choo cha maji matupu, mpaka macho yanadidimia, utosi unabonyea, analia bila machozi. Aliyechanjwa akipata mara nyingi inakuwa nyepesi, unamhudumia nyumbani.

Baba Ujiji: Nyumbani namhudumiaje sasa, maana akipewa ORS anatapika yote.

Jibu: Paketi moja kwa lita moja ya maji safi, sio kikombe. Akitapika subiri dakika kumi afu rudi kijiko kimoja kimoja taratibu, watu wanakosea wanampa kikombe kizima anakirudisha chote. Ziwa la mama liendelee. Zinki siku 10 hadi 14, chini ya miezi sita nusu kidonge cha miligramu 20, juu ya hapo kizima. Akishindwa kunywa kabisa au amelegea njoo kituoni.

Shangazi wa Kibirizi: Kuna mama jirani anasema meno ndo yanaharisha mtoto.

Jibu: Shangazi, miezi ya meno na miezi ya rota ni ile ile, ndo maana meno yanasingiziwa. Huyo jirani mwambie aje na kadi.