Raba nyeupe isiyo na nembo: jinsi ya kumjibu mteja aliyetuma picha tu

Mteja ametuma picha ya skrini: kijana amesimama, fulana nyeupe, suruali ya kijivu, raba nyeupe. Chini yake ameandika, "Hizi raba ni za kampuni gani? Nitafutie." Kishawishi cha kutaja jina la haraka ni kikubwa, na jina hilo ndilo litakalompeleka mteja kulipa bei ya chapa ambayo huenda haikuwamo kabisa kwenye picha.

Hatua ya 1: Pima kwanza picha yenyewe

Kuza sehemu ya kiatu, kisha jaribu kuhesabu matundu ya kamba. Ukiyahesabu bila kubahatisha, picha inatosha kuzungumzia alama ndogo. Yakiwa yameungana kuwa ukungu, usiseme lolote kuhusu alama ndogo, wala usiseme kwamba hazipo. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kutoiona alama ni ushahidi pale tu ambapo picha ingeweza kuionyesha.

Chukua Adidas Stan Smith ya kawaida. Mistari yake 3 ubavuni haikuchorwa, ni safu za vitundu vidogo, na picha ikipungua ukubwa vitundu hivyo hupotea. Common Projects Achilles Low nayo ina namba ndogo za rangi ya dhahabu upande wa nje karibu na kisigino. Kwa mbali huonekana raba tupu. Nike Air Force 1 ni kesi nyingine: alama yake ubavuni ni kubwa, ingawa nyeupe juu ya nyeupe nayo humezwa na mwanga mkali.

Hatua ya 2: Andika unachokiona, bila jina

Kwa picha yetu: raba fupi chini ya kifundo, kamba nyeupe, soli nyeupe bapa, pua ya mviringo. Uso unang'aa kidogo puani, kwa hiyo yaelekea ni ngozi au ngozi bandia, si turubai. Turubai haing'ai, na kwa karibu huonyesha mfumo wa nyuzi. Kati ya ngozi na ngozi bandia picha haiamui, basi usiamue wewe.

Hata weupe uupime. Tafuta kitu kingine kwenye picha unachokijua kuwa cheupe, kwa mfano karatasi. Nacho kikiwa na umanjano, ni taa, si rangi ya kiatu.

Fulana ina machache zaidi ya kusema: shingo ya duara, mikono mifupi, haina mfuko. Kama ni pamba tupu au imechanganywa na poliesta, au kitambaa ni kizito kiasi gani, hilo hukaa kwenye lebo ya ndani, shingoni au kwenye mshono wa ubavu.

Hatua ya 3: Omba picha inayoweza kuamua

Usiombe "picha nzuri zaidi". Taja sehemu: kisigino kwa nyuma, ulimi kwa mbele, ubavu wa nje na chini ya soli. Mwambie aitume WhatsApp kama hati, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na vitundu hufutika. Kama aliipata mtandaoni, mwombe kiungo cha pale ilipotoka. Maelezo yaliyoandikwa pale huwa na msaada kuliko kuikodolea macho. Kutafuta kwa picha kunaleta vinavyofanana, kwa hiyo tokeo la kwanza lisiwe jibu lako.

Hatua ya 4: Andika jibu

"Kaka, naona raba nyeupe fupi za kamba, soli bapa. Yaelekea ni ngozi au ngozi bandia. Kampuni siwezi kuitaja, maana picha ni ndogo na kisigino hakionekani. Aina nyingi zina umbo hili. Ukipata picha ya kisigino au ulimi nitaangalia tena. Kwa sasa naweza kukutafutia zinazofanana, ila sitakuahidi kuwa ni zilezile."

Usiandike "mtindo wa Stan Smith" ukidhani umejihami. Mteja husoma jina, neno "mtindo" halimkai. Na "labda" isiachwe peke yake: iambatane na sababu, ili ajue ni kitu gani kingebadilisha jibu.

Hatua ya 5: Akisisitiza "wewe taja tu"

Mpe majina 2 au 3 yanayolingana na ulichokiona, na kila moja ulipe alama itakayolithibitisha: vitundu vya ubavuni kwa hii, namba za dhahabu kwa ile. Mweleze kuwa huenda isiwe hata moja kati ya hizo. Bei mtajie ya raba uliyonayo mkononi, ukiandika chapa iliyo kwenye lebo yake, na kama haina lebo, andika "haina chapa".